Kwa Nini Mshahara Haushuki?

Katika mitihani ya uchumi wa kazi kuna swali ambalo halichoki kurudi. Maneno yake hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini kiini ni kilekile: onesha jinsi nadharia ya mshahara wa ufanisi na nadharia ya vikwazo vya utafutaji zinavyoeleza ukosefu wa ajira usiokwisha. Watahiniwa wengi hulifurahia, kwa sababu nadharia zote mbili zina fasili fupi zinazokaririka. Wanaziandika, wanachora mchoro, wanafunga karatasi. Kisha wanashangaa alama zilikokwenda.

Alama zimejificha kwenye jambo moja ambalo swali halilitaji waziwazi. Nyanya zikibaki sokoni jioni, mwenye genge hushusha bei mpaka zinakwisha. Kazi nayo ina bei, yaani mshahara. Basi ikiwa watu wapo na wako tayari kufanya kazi kwa malipo kidogo kuliko walio kazini, kwa nini wasiende kwa mwajiri wakamwambia hivyo, mshahara ukashuka, na kila mtu akapata kazi? Jibu lolote la mtihani lisilomwambia msomaji ni nini hasa kinachomzuia mtu huyo, halijaeleza kwa nini ukosefu wa ajira unadumu. Limeeleza tu kwamba upo. Uzuri wa nadharia hizi mbili ni kwamba kila moja ina jibu lake, na majibu hayo hayafanani.

Nadharia ya kwanza inafaa kuanzia Detroit. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford, pale Highland Park, kilikuwa na wastani wa wafanyakazi wapatao 13,600. Katika mwaka huohuo, zaidi ya watu 50,000 waliondoka kiwandani humo. Maana yake ni kwamba ili nafasi 1 isikae wazi, kampuni ilibidi iajiri karibu watu 4 kwa mwaka. Juu ya hao walioacha, kila siku takriban mtu 1 kati ya 10 hakutokea kazini. Kazi ya mkanda unaosogea ilikuwa ngeni, ya kuchosha na ya kurudiarudia, na malipo ya dola 2.34 kwa siku yalipatikana kwingineko mjini bila taabu. Mtu akichoka Jumanne, Jumatano alikuwa kwa mwajiri mwingine.

Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ikatangaza kwamba itawalipa wafanyakazi dola 5 kwa siku, na saa za kazi zitapungua kutoka 9 hadi 8. Haikuwa kwa kila mtu, wala si bila masharti: sehemu kubwa ya nyongeza iliitwa mgawo wa faida, mfanyakazi alitakiwa awe amekaa kazini miezi 6, na kampuni ilituma watu majumbani kukagua jinsi familia zinavyoishi. Hata hivyo habari zilienea. Maelfu ya watu walikusanyika nje ya geti katika baridi kali ya Januari wakitaka kuajiriwa, na kabla ya wiki mbili kwisha vurugu zilitokea hata wakamwagiwa maji ya mipira ya zimamoto.

Mtahiniwa makini husimama hapo getini. Nje kuna umati unaoitaka kazi hiyo, na bila shaka wengi wao wangeifanya kwa dola 4, au hata 3. Kwa hesabu ya kawaida ya soko, Ford alipaswa kushusha malipo mpaka umati utawanyike. Hakushusha. Mwaka 1914 idadi ya walioondoka ilishuka hadi asilimia 54 ya wafanyakazi, na mwaka 1915 ikawa asilimia 16, wakati mwaka 1913 ilikuwa asilimia 370. Utoro nao ulipungua hadi chini ya asilimia 3. Wachumi Daniel Raff na Lawrence Summers, waliopitia kumbukumbu hizo mwaka 1987, walihitimisha kwamba foleni za watu, tija iliyopanda na faida ya kampuni vinaendana na nadharia ya mshahara wa ufanisi. Mshahara mkubwa ulimlipa mwajiri mwenyewe, kwa sababu mtu aliyekuwa nao aliogopa kuupoteza.

Hofu hiyo ya kupoteza ndiyo Carl Shapiro na Joseph Stiglitz waliyoigeuza hesabu mwaka 1984, katika makala ambayo karibu kila mtihani unaitegemea. Wanaanza na hali ambayo kila msimamizi wa kazi anaijua: huwezi kumwangalia kila mtu kila dakika. Mfanyakazi anaweza kutegea, na pengine asikamatwe. Akikamatwa anafukuzwa. Je, kufukuzwa kunamuuma kiasi gani?

Tuchukue mfano wa kubuni wa mlinzi wa ghala. Kukesha macho usiku kucha kunamgharimu, kwa uchovu na usumbufu, kitu anachokithamini sawa na shilingi 100,000 kwa mwezi. Akisinzia, uwezekano wa kukamatwa ndani ya mwezi ni 1 kati ya 10. Hapo hesabu ni nyepesi: raha ya kusinzia ni 100,000, kwa hiyo ili asisinzie, hasara ya kupoteza kazi lazima ifike 1,000,000, maana sehemu ya kumi ya milioni ndiyo 100,000. Mwajiri anaipataje hasara hiyo? Kwa kumlipa zaidi ya kile kinachotosha kumvuta kazini, ili aliye ndani awe na kitu cha kupoteza. Lakini ukubwa wa hasara hautegemei mshahara peke yake. Unategemea pia muda atakaokaa mtaani kabla hajapata kazi nyingine kama hiyo.

Kwenye karatasi ya mtihani sharti hilo huandikwa hivi, ikichukuliwa kwamba asiye na kazi hana kipato chochote:

w = e + (e/q) × (b/u + r)

Hapa w ni mshahara, e ni gharama ya kujituma, q ni uwezekano wa kukamatwa, b ni uwezekano wa kazi kwisha kwa sababu nyingine, r ni riba, na u ni kiwango cha ukosefu wa ajira. Tuseme kila mwezi kazi 2 kati ya 100 zinakufa zenyewe, na riba ni asilimia 1. Ukosefu wa ajira ukiwa asilimia 10, mshahara unaotosha kumzuia mlinzi asitegee ni 310,000. Ukishuka hadi asilimia 5, mshahara unaotakiwa unapanda hadi 510,000, kwa sababu sasa aliyefukuzwa anapata kazi nyingine mapema na hofu imepungua. Ukishuka hadi asilimia 2, zinahitajika 1,110,000. Na u ikikaribia sifuri, hakuna mshahara wowote unaotosha. Waajiri hawawezi kulipa hivyo, wanapunguza watu, na ukosefu wa ajira unarudi juu mpaka pale ambapo mshahara unaotakiwa unalingana na kile ambacho kazi inazalisha.

Sasa arudi yule asiye na kazi, soko likiwa kwenye asilimia 10. Anamwendea mwenye ghala na kusema, "Bosi, huyo unamlipa 310,000. Mimi nichukue kwa 290,000." Ni punguzo dogo tu, na mwenye ghala anakataa. Si ukatili. Mlinzi wa 290,000 anajua kwamba akifukuzwa, kuna siku atapata pengine ya 310,000, kwa hiyo kazi hii si ya kuilinda sana. Hesabu ileile inaonesha kuwa hasara ya kufukuzwa kwake ni kama 333,000 tu, na sehemu ya kumi ya hiyo ni 33,000, wakati raha ya kusinzia bado ni 100,000. Atasinzia. Ahadi yake ya kujituma huenda anaitoa kwa moyo wote, lakini mwajiri hana namna ya kuiamini. Hicho ndicho kizuizi: mshahara hauwezi kushuka bila kuharibu kazi yenyewe.

Mtahini mkali huwa na swali la pembeni hapa. Je, mwombaji hawezi kuweka dhamana, kwa mfano shilingi 1,000,000, ambayo itataifishwa akikamatwa ametegea? Kwa nadharia anaweza, na mshahara ungeshuka. Kwa vitendo, mtu anayetafuta kazi ya ulinzi hana milioni ya kuweka, na hata angekuwa nayo, nini kitamzuia mwajiri asimsingizie kosa ili aile? Jibu hilo lenye sentensi mbili hutenganisha aliyekariri na aliyeelewa.

Jambo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wanastahili kulijua ni kwamba mizizi ya fikra hizi inapita Nairobi. Kati ya 1969 na 1971 Stiglitz, akiwa bado kijana, alifanya kazi kwenye Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo kikuu cha Nairobi. Miji ilikuwa ikijaa vijana kutoka mashambani huku mishahara ya sekta rasmi ikibaki juu. Mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu nchi zinazoendelea akieleza kwamba kampuni za mjini huenda zinalipa juu kwa hiari, ili watu wasiache kazi na gharama za kuwafundisha wapya zisipotee. Kwa hiyo nadharia hii haikuvukishwa bahari kuletwa huku. Kwa sehemu ilitokana na kuitazama miji yetu.

Kwenye miji hiyohiyo nadharia inahitaji marekebisho, na mtahiniwa anayeyataja anaonesha amekomaa. Anayekosa kazi ya kampuni Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hakai bure. Anauza mitumba, anaendesha bodaboda, anabeba mizigo. Takwimu zinaweza kumhesabu kuwa ana kazi. Foleni basi si ya kutoka kwenye kukosa kazi kabisa, ni ya kutoka kwenye kibarua kwenda kwenye kazi yenye mshahara wa uhakika. Jeremy Bulow na Lawrence Summers waliieleza picha hiyo mwaka 1986: kazi nzuri ambako mwajiri analipa juu kwa kuwa usimamizi ni mgumu, na kazi za kujishikiza ambako malipo ni kwa kipande na hakuna haja ya kumtisha mtu.

Nadharia ya pili inaanzia mahali pengine kabisa. Hapa mwajiri angemkubali mtu yule, na mtu yule angeikubali kazi. Tatizo ni kwamba hawajakutana.

Addis Ababa inalionesha hili kwa macho. Kwa miaka mingi nafasi nyingi za kazi rasmi mjini humo zimetangazwa kwenye mbao za matangazo katikati ya jiji, ambako vijana husimama wakisoma karatasi moja baada ya nyingine na kuandika anwani. Kijana anayeishi pembezoni hulipa nauli ya kwenda na kurudi ili tu ajue kuna nini wiki hiyo, na nauli hiyo anaitoa kwenye fedha ya chakula. Zikimwishia, anaacha kwenda ubaoni na kushika kibarua chochote kilicho karibu. Watafiti, akiwemo Girum Abebe, Simon Franklin na wenzao, waliwagawa vijana kwa bahati nasibu: baadhi walilipiwa nauli za kwenda katikati ya jiji, wengine wakapewa mafunzo ya kuandika maombi pamoja na vyeti vya kupimwa uwezo wao, na wengine hawakupewa kitu. Kwa muda mfupi, misaada yote miwili iliongeza uwezekano wa kupata kazi rasmi. Miaka 4 baadaye athari ya nauli ilikuwa imefifia, lakini waliopata mafunzo na vyeti walikuwa na kipato kikubwa zaidi kuliko wasiopewa kitu, hasa wale ambao kwa kawaida soko huwatupa nyuma.

Tofauti ya nauli na cheti inasema mengi. Umbali ni kizuizi, lakini kuna kingine kizito zaidi: mwajiri haoni kilicho ndani ya mtu. Mezani pake kuna rundo la maombi yanayofanana, yote yana vyeti vya shule, yote yanasema mwombaji ni mchapakazi. Ndiyo maana nafasi nyingi hujazwa kwa kujuana, kwani ndugu au rafiki wa mfanyakazi aliyepo angalau kuna anayemfahamu. Mtu asiye na wa kumtaja anaweza kujipunguzia mshahara anavyotaka. Punguzo halimfanyi aonekane, na hata akionekana, halimwambii mwajiri kama anajua kazi.

Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides, waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2010 kwa kazi hii, waliufanya mkutano huo wa mwajiri na mwombaji kuwa moyo wa uchambuzi. Kila mwezi watu wanaingia kwenye ukosefu wa ajira na wengine wanatoka. Uwezekano wa aliye kazini kuipoteza ukiwa s, na wa asiye nayo kuipata ukiwa f, kiwango kinatulia hapa:

u = s/(s + f)

Tuseme kila mwezi 2 kati ya 100 wanapoteza kazi, na 18 kati ya 100 ya wasio nayo wanaipata. Jibu ni 2 gawanya kwa 20, yaani asilimia 10. Sasa punguza zote kwa nusu: anapoteza 1 kati ya 100, na kati ya wasio na kazi wanaipata 9 kwa 100. Jibu bado ni asilimia 10. Lakini katika nchi ya kwanza mtu hukaa bila kazi kwa wastani wa miezi 5 na nusu, na katika ya pili miezi 11. Gazeti litaandika tarakimu ileile kwa nchi zote mbili, wakati maisha ya watu ni tofauti kabisa. Neno "usiokwisha" kwenye swali la mtihani linamtaka mtahiniwa azione f na s, asiishie kwenye u.

Kukaa muda mrefu pia kunajizalisha kwenyewe. Mwaka 2013 Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika miji mikubwa 100 ya Marekani. Walituma maombi ya kubuni zaidi ya 12,000, yakitofautiana kwa muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Simu za kuitwa kwenye usaili zilipungua kwa kasi katika miezi 8 ya mwanzo. Upungufu huo ulikuwa mkubwa zaidi mahali ambapo kazi zilikuwa nyingi, ishara kwamba waajiri walikuwa wakijiuliza: kama kazi zipo, mbona huyu hajapata? Kwa namna hiyo kuchelewa kunakuwa sababu ya kuchelewa zaidi.

Nadharia ya utafutaji nayo ina pengo, na mtahini anataka liguswe. Mwaka 2005 Robert Shimer alionesha kwamba, katika umbo lake la kawaida, modeli hii haitoi mabadiliko makubwa ya ukosefu wa ajira yanayoonekana uchumi unapoyumba. Sababu yake inarudi kwenye swali la mwanzo kabisa. Ndani ya modeli, mwajiri na mwombaji hupatana mshahara upya kila wanapokutana, kwa hiyo biashara ikidorora mshahara unashuka, na waajiri hawaoni sababu kubwa ya kufunga nafasi. Ili nafasi zifungwe kama zinavyofungwa kweli, kitu lazima kiuzuie mshahara usishuke. Hofu ya kutegewa ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuuzuia. Mtahiniwa anayefika hapa hapangi tena nadharia mbili kama washindani. Anaonesha mahali ambapo moja inaishiwa na nyingine inaendelea.

Hata hivyo inawezekana kuzitenganisha kwa ushahidi, na njia nzuri ni kuuliza kinachotokea kwa jirani wa yule aliyesaidiwa. Ikiwa tatizo ni kutokutana tu, kumsaidia kijana mmoja kutafuta kunajaza nafasi iliyokuwa wazi, na jirani yake hapotezi mengi. Ikiwa nafasi zenyewe zimebanwa, kama pale getini Highland Park, msaada unamsogeza mbele kwenye foleni na kumrudisha mwingine nyuma. Nchini Ufaransa, Bruno Crépon, Esther Duflo na wenzao walilipima hili katika maeneo 235 ya ofisi za ajira, wakichagua kwa bahati nasibu si tu nani asaidiwe, bali pia sehemu gani ya vijana wasomi wa eneo hilo wapewe msaada. Waliosaidiwa walipata kazi za kudumu haraka kuliko wenzao, lakini faida hiyo haikudumu. Tena kwa sehemu ilitoka mikononi mwa vijana wa eneo hilohilo ambao hawakusaidiwa, hasa pale soko la ajira lilipokuwa dhaifu.